Mkate Uliobadilika Rangi Kabla ya Kuumuka: Mafunzo Niliyopata Nikiandika Prompti ya Mkate

Wifi yangu anapika boflo nyumbani kwake Ngamiani, Tanga, na kuziuza asubuhi kwa majirani na maduka mawili ya karibu. Aliniomba nimtengenezee tangazo fupi la kuweka kwenye simu: unga unaumuka, mkate unaiva, oveni inang'aa, ganda linakuwa la dhahabu. Vyote vionekane kwa sekunde chache, kwa mtindo wa taimlapsi, yaani video inayobana saa nzima ikawa kitu cha kutazama huku unasubiri chai ipoe.

Kazi yangu ni kuhariri video, na siku hizi sehemu ya kazi hiyo ni kuandika prompti, yale maelekezo ya maandishi ambayo programu ya akili mnemba huyageuza kuwa picha zinazotembea. Niliona ni kazi ya nusu saa. Nikaandika hivi, kwa Kiingereza, kwa sababu programu ninayotumia huelewa Kiingereza vizuri zaidi:

```
Time-lapse of bread dough rising and baking,
warm oven glow, golden crust
```

Nilichopewa kilipendeza kwa sekunde mbili za kwanza. Donge lilikuwa jekundujekundu tangu mwanzo, likavimba kama mpira unaojazwa upepo, likapata ganda la kahawia likiwa bado linavimba, na mvuke ulipanda taratibu kana kwamba muda haukuwa umebanwa hata kidogo. Wifi alitazama mara moja akanirudishia simu. "Wifi, huu si mkate," alisema. "Umebadilika rangi kabla haujaumuka. Sasa utaumukaje na ganda limeshakauka?"

Swali hilo ndilo lililonifunza mengi kuliko kitu kingine chochote katika kazi ile, na haya yafuatayo yametoka humo.

1. Mkate una zamu zake, na prompti isiyotaja zamu huzichanganya zote

Maneno yangu ya kwanza yalikuwa orodha ya vitu: kuumuka, kuiva, mng'ao, ganda. Hayakusema kipi kinamtangulia mwenzake. Programu hizi hazijui upishi. Zinajua tu picha za mkate zinavyofanana, na picha nyingi za mkate ni za mkate ulioiva. Usipozipangia, zinaanza na rangi ya mkate ulioiva, halafu zinauvimbisha.

Ukweli ni huu. Unga ukiingia kwenye oveni bado una hamira hai ndani yake. Joto linapopanda hamira hufanya kazi kwa kasi ya mwisho, na hewa iliyokwisha kujikusanya kwenye viputo hupanuka. Ndiyo maana mkate huruka juu ghafla katika dakika za mwanzo. Hamira hufa unga unapofika kiasi cha nyuzi 55 hadi 60 za selsiasi. Muda si mrefu baada ya hapo wanga huanza kushikana, kuta za viputo hukaza, na umbo la mkate linakuwa limeamuliwa. Rangi bado haijaja. Uso wa mkate ukiwa na unyevu haupiti sana nyuzi 100, kwa sababu joto linatumika kuyafukuza maji. Unapokauka tu ndipo unapopanda kufikia nyuzi 140 na zaidi, na hapo sukari na protini za unga huanza kuungana na kuleta ule wekundu na ile harufu.

Kwa hiyo zamu ni tatu: kuruka, kukaza, kubadilika rangi. Wifi hakuwahi kuhesabu nyuzi, lakini zamu anazijua kwa macho, na ndiyo maana alikamata kosa papo hapo. Mtazamaji yeyote aliyewahi kusimama mbele ya oveni atahisi kuna kitu hakiko sawa, hata asipoweza kukitaja.

2. Kabla ya kuandika, upige picha mkate wa kweli

Nilirudi kwake Jumamosi na simu, kigoda, na rula ya plastiki. Alikanda unga wake wa kawaida: unga wa ngano gramu 500, maji gramu 310, sukari gramu 30, siagi gramu 30, chumvi gramu 8 na hamira ya chenga gramu 6. Akauacha uumuke kwa saa moja, akauviringisha, akauweka kwenye tini yenye kimo cha sentimita 7. Nikaisimamisha rula nyuma ya tini na kuifunga simu mahali pamoja.

Hesabu ya taimlapsi ni nyepesi ukishaamua unataka sekunde ngapi. Video yangu inakwenda fremu 30 kwa sekunde. Kuumuka kwenye tini kulichukua dakika 45, sawa na sekunde 2,700. Nikipiga picha moja kila sekunde 20 napata picha 135, ambazo ni sekunde 4 na nusu za video. Kuiva kulichukua dakika 35, yaani sekunde 2,100, na huko nilipiga kila sekunde 10, nikapata picha 210, sawa na sekunde 7. Sikutumia mwendo mmoja kwa sehemu zote mbili, kwa sababu oveni ina mambo mengi kwa muda mfupi: ule mruko wote ukipigwa kila sekunde 20 unapita usionekane.

Umeme ulikatika mkate ukiwa na dakika 19 ndani. Tulirudia Jumapili, na video ya Jumapili nayo haikufaa kuwa tangazo, maana kioo cha oveni kina madoa ya mafuta ya miaka mingi na sura yangu ilionekana ndani yake. Lakini nilipoitazama polepole nikiwa na daftari, ilinipa kile ambacho prompti ilikuwa inakosa.

Kwenye kuumuka, dakika 12 za mwanzo karibu hakuna kilichopanda. Unga ulikuwa unajaza pembe za tini tu, ukitanda kando. Kisha ukapanda kwa kasi, ukafika ukingoni kama dakika ya 30, na mwishoni mwendo ukapungua tena, ukiwa umeinuka sentimita 2 juu ya ukingo. Uso wake ulikuwa umetuna laini, na viputo vidogo vilionekana chini ya ngozi yake bila kupasuka. Ndani ya oveni, ufa mrefu ulifunguka ubavuni juu kidogo ya ukingo wa tini dakika ya 5. Dakika ya 8 kupanda kulikwisha. Kisha kwa dakika kadhaa ungesema hakuna kinachoendelea, ila uso uliacha kung'aa ukawa mkavu kama chaki. Dalili ya kwanza ya rangi ilikuja kwenye dakika ya 13, juu kabisa ya kuba na kwenye kingo za ule ufa, na ilishuka kutoka hapo.

Hicho kipindi cha kimya katikati ndicho ambacho hakuna video ya akili mnemba iliyowahi kunipa bila kuombwa. Na bila hicho, mkate unaonekana kama umechorwa.

3. "Mara mbili" ni neno la kuangalia sana

Mapishi mengi husema unga uumuke mpaka uwe mara mbili. Nami niliandika hivyo kwenye prompti ya pili, `doubles in size`, na donge lililokuwa wazi juu ya meza likapanuka mpaka upana wake ukawa mara mbili. Likawa kubwa la kutisha.

Wanaoandika mapishi wanazungumzia ujazo. Donge la mviringo likipanuka mara mbili kwa upana, kwa urefu na kwa kimo, ujazo wake unakuwa mara 8, na hakuna hamira ya kufanya hivyo. Donge hilohilo likiongezeka mara mbili kwa ujazo, upana wake unaongezeka kwa asilimia 26 tu. Donge la sentimita 15 linakuwa na upana wa karibu sentimita 19. Kwa macho, ni mabadiliko ya upole. Na kwa kweli unga wa mezani hufanya hata kinyume kidogo: huwa unatanda kando zaidi ya kupanda juu, kwa sababu ya uzito wake.

Tangu hapo niliacha kutaja mara ngapi, nikawa nataja mahali: unga unaanza sentimita 3 chini ya ukingo wa tini, unaishia sentimita 2 juu yake. Tini inasaidia sana hapa. Kuta zake zinaulazimisha unga kupanda, kwa hiyo kuongezeka kunaonekana wazi bila kudanganya, na ukingo wake unampa mtazamaji kipimo. Kama unatengeneza video ya aina hii kwa mara ya kwanza, chagua mkate wa tini na uachane na mkate wa mviringo.

4. Mng'ao wa dhahabu huficha ganda la dhahabu

Hili lilinisumbua kwa muda mrefu kuliko yote. Kila niliyemwonyesha alitaka ule mwanga wa oveni, na mimi pia niliutaka. Lakini kila nilipoandika `warm golden glow`, unga mbichi ulitoka ukiwa wa njano tangu fremu ya kwanza, na mkate ulioiva ukatoka hivyohivyo. Kuiva hakukuonekana. Kulikuwa na mkate wa njano uliokuwa mkubwa kidogo mwishoni.

Sababu niliiona kwenye video yangu ya Jumapili. Taa ndogo ya oveni ni ya njano sana, na chini yake kitu cheupe huonekana cha njano. Jicho letu jikoni hulirekebisha hilo lenyewe, hatulioni. Kamera hailirekebishi hivyo, au hulirekebisha vibaya: simu ikiachwa ijiamulie, hubadilisha rangi na mwanga kila mara, na video inapepesa. Ndiyo maana wapigaji hubonyeza na kushikilia kioo mpaka maandishi ya `AE/AF LOCK` yatokee, ili mwanga na fokasi visibadilike. Hata hivyo oveni ya umeme ina jambo lake lingine. Koili zake huwaka nyekundu na kuzimika kadiri joto linavyodhibitiwa, na ukibana dakika 35 ziwe sekunde 7, mkate unaonekana kama uko mbele ya taa ya gari la polisi.

Nilichofanya kwenye prompti ni kutenganisha vitu viwili ambavyo neno "dhahabu" lilikuwa linavichanganya. Mwanga nikaupa mahali na ukubwa wake: taa moja ndogo, juu kushoto, isiyobadilika. Rangi ya unga nikaitaja kwa kitu kingine kabisa: krimu iliyopauka. Ukutani mwa oveni nikaacha mng'ao utande kadiri unavyotaka, kwa sababu ukuta hauna cha kuficha. Na neno la dhahabu nikaliweka mara moja tu, mwishoni, kwa ajili ya ganda peke yake. Mara hiyo ndipo nilipoona, kwa mara ya kwanza, mkate ukibadilika kutoka krimu kwenda rangi ya majani makavu, kisha kahawia.

Kwa anayepiga kwa kamera, kazi ni hiyohiyo kwa njia nyingine: weka kitu cheupe kabisa, kama kisahani, karibu na mkate katika picha ya majaribio, urekebishe rangi mpaka kisahani kionekane cheupe kidogo chenye joto, si cha njano. Kisha funga mipangilio usiiguse tena.

5. Mvuke ni wa mwendo wa kawaida

Mvuke unaopanda kwa madaha ni mzuri, lakini hauwezi kuwemo kwenye taimlapsi. Ukipiga picha moja kila sekunde 10, kila picha inaukuta mvuke mahali pengine. Matokeo yake ni kupepesa kwa ukungu, au hauonekani kabisa. Mvuke unaopanda polepole ndani ya video ambayo mkate unaiva kwa sekunde 7 unamwambia mtazamaji kwamba mojawapo ni uongo.

Nilijaribu kuandika `no steam`, na mvuke ukazidi. Programu nyingi hushika neno lililotajwa na kulipa uzito kuliko lile "hapana" lililo mbele yake. Baadhi zina kisanduku chake cha mambo usiyoyataka, `Negative prompt`, na kama yako inacho basi mvuke uandike humo. Kama haina, usiutaje. Eleza kinachotakiwa kuwepo: hewa safi iliyotulia.

6. Klipu mbili, na picha ya kwanza iwe ya mkate wako

Kutoka meza hadi oveni ni kuhama mahali, na programu ikiombwa kuhama katikati ya klipu moja hubadilisha tini njiani. Nilipata tini iliyogeuka bakuli, na mara nyingine mikate miwili ikatoka mmoja. Nikagawa kazi: klipu ya kuumuka, klipu ya kuiva, nami nikaziunganisha kwenye uhariri kwa mkato wa kawaida.

Programu niliyotumia inakubali picha ya kuanzia. Nilipiga picha ya tini ya wifi yenye unga uliokwisha kuumuka, mlango wa oveni ukiwa umefunguliwa, nikaipa hiyo iwe fremu ya kwanza ya klipu ya pili. Hapo mambo mengi yalijipanga bila maneno: umbo la tini, mkunjo wa unga, hata kovu dogo kwenye ukingo ambalo majirani zake wanalijua. Prompti ikabaki na kazi moja, kueleza kinachobadilika na lini:

```
Fixed camera, one loaf tin inside an oven, time-lapse of 35 minutes.
Pale cream dough, domed 2 cm above the rim.
First third: the dome rises, a split opens along one side, color stays pale.
Middle: growth stops, the surface turns dry and matte.
Last third: straw color, then deep golden brown, spreading from the top down.
One small steady warm bulb at upper left. Still, clear air.
```

Mstari wa kwanza unafunga kamera na kutaja muda halisi uliobanwa. Mistari mitatu ya katikati ndiyo zile zamu tatu, kila moja na kipindi chake. Hata hivyo haikutoka sawa mara moja. Majaribio manne ya kwanza yalichanganya zamu ya pili na ya tatu, na moja lilifungua ufa pande zote mbili. Programu haihesabu dakika kama saa. Inakisia "theluthi ya mwisho" iko wapi, na inabidi uirudie, uchague. La tano lilikuwa na kile kimya cha katikati, kifupi, kama sekunde moja na nusu, na uso mkavu ulionekana.

Nilimpelekea wifi jioni. Aliitazama mara tatu, kisha akaisimamisha kwenye sekunde ya mwisho, akakuza picha kwa vidole viwili. Alikuwa anatazama ndani ya ule ufa wa ubavuni, ambako unga huchelewa kupata rangi. "Hapa ndani pangekuwa peupe kidogo," alisema. "Ukiona mpaka ufa umekuwa mwekundu, juu pameshaungua." Kwenye klipu ufa ulikuwa na rangi moja na kuba lote. Nikaongeza maneno manne, `the split stays paler`, nikarudia.

Kutoa mkate kwenye tini, kuukata na mvuke wake, hivyo sikuviomba kwa programu. Nilivipiga kwa simu, kwa mwendo wa kawaida, mikono ikiwa ya wifi na mkate ukiwa ule atakaouuza, na chini ya zile klipu mbili nikaandika kwamba zimetengenezwa kwa akili mnemba. Nilimwomba pia aupindue mkate augonge chini kwa vidole kama anavyofanya kila siku akitaka kujua kama umeiva ndani. Ulitoa ule mlio wa kitu kilicho wazi katikati. Nikaurekodi peke yake, na ndio unaosikika mwishoni mwa tangazo, rangi inapofika ukingoni mwa tini.